Tatizo la Kuzidisha kwa Mia

Tuseme kampuni ndogo ya utalii ya Unguja inauza ziara za mashamba ya viungo na safari za kuona pomboo kupitia tovuti yake. Bei zipo kwa shilingi na kwa dola, na malipo ya kadi hayajawahi kuleta shida. Kwa kuwa wageni wa kutoka Maskati wamekuwa wengi, mwenye kampuni anamwambia kijana aliyemtengenezea tovuti aongeze na riali ya Oman. Kazi inamalizika jioni hiyohiyo. Ziara ya kutwa nzima inaandikwa riali 24.750. Mgeni wa kwanza analipa, tovuti inamshukuru, risiti inasema 24.750. Mwisho wa wiki mhasibu anafungua hesabu ya benki na kukuta riali 2.475.

Riali moja ya Oman ni kama dola 2.60 za Marekani. Ziara ya dola 64 na kitu imeuzwa kwa dola 6 na kitu, na hakuna mtu aliyeiba.

Duka la mtandaoni halichukui fedha lenyewe. Lina oda yake, yenye bidhaa, kodi na jumla; jumla hiyo hupelekwa kwa lango la malipo, yaani kampuni inayozungumza na benki ya mteja. Malango mengi hayataki kupelekewa nukta. Hayataki 19.99, yanataka 1999, yaani kiasi kikiwa kimegeuzwa kuwa sarafu ndogo kabisa ya fedha hiyo. Sababu yao ni nzuri: namba kamili haina utata, wala haimlazimu mtu kujiuliza kama mkato ulioandikwa hapo unatenga maelfu au senti.

Basi mtengeneza programu huandika kwamba jumla izidishwe kwa 100, kisha itumwe. Kwa dola ni sawa, kwa euro ni sawa, kwa shilingi ya Kenya ni sawa. Lakini riali ya Oman haina senti mia, ina baisa elfu. Ukizidisha 24.750 kwa 100 unapata 2475, na lango linaposoma 2475 linaelewa baisa 2,475. Hiyo ndiyo riali mbili na ushee iliyofika benki. Dinari za Kuwait na Bahrain nazo zina nafasi tatu baada ya nukta, kwa hiyo mtego ni uleule.

Upande wa pili wa mtego uko karibu zaidi na kwetu. Kwa orodha ya kimataifa ya fedha, ISO 4217, faranga ya Rwanda na ya Burundi hazina nafasi hata moja baada ya nukta. Faranga 15,000 hutumwa kama 15000 basi. Programu iliyozoea mia itatuma 1500000, na mteja wa Kigali ataombwa faranga milioni moja na nusu. Huyu angalau atapiga simu. Yule wa riali mbili hana sababu ya kupiga. Cha ajabu ni kwamba shilingi ya Tanzania kwenye orodha hiyohiyo imeandikwa nafasi mbili, ingawa senti hatujaziona sokoni kwa miaka mingi. Kijana wa Arusha anayejifunzia kazi kwa shilingi na dola hatakutana na kosa lake mpaka siku atakapouza nje ya mpaka.

Na orodha yenyewe haitoshi. Kwa ISO, shilingi ya Uganda haina nafasi za desimali, lakini Stripe, moja ya malango makubwa duniani, inataka uitume kana kwamba ina mbili: shilingi 5 hutumwa kama 500. Kwa riali ya Oman, lango hilohilo hudai tarakimu ya mwisho iwe sifuri, kwa hiyo 24.755 haipiti. Mambo haya hayakisiwi. Husomwa kwenye maelekezo ya lango husika, fedha moja baada ya nyingine.

Kosa la mara kumi au mara mia, hata hivyo, hujulikana mapema. Linaloweza kukaa miaka bila kugunduliwa ni la senti moja. Hapa duka linauza kwa dola, bei ni 19.99, na mtu anaijaribu hesabu kwenye lugha ya Python:

```
>>> 19.99 * 100
1998.9999999999998
>>> int(19.99 * 100)
1998
```

Kompyuta huhifadhi namba zenye nukta kwa mfumo wa sifuri na moja, na humo 19.99 haiwezi kuandikwa kamili, kama vile sisi tusivyoweza kumaliza kuandika theluthi moja kwa desimali. Inahifadhiwa iliyo karibu nayo, iliyopungua kidogo sana. Kisha amri ya kugeuza kuwa namba kamili haikadirii kwenda namba ya karibu, inakata tu mkia. Senti imekwenda. Bei kama 20.50 haina tatizo hilo, na ndiyo maana majaribio ya siku ya kwanza hupita bila doa.

Senti moja si hasara, utasema. Hasara inakuja hatua inayofuata. Duka makini hulinganisha kiasi kilichorudishwa na lango na jumla ya oda, ili mjanja asilipe shilingi kumi kwa bidhaa ya elfu kumi. Lango linasema 1998, oda inasema 1999, hazilingani, oda inasimamishwa. Mteja ameshakatwa fedha, na mzigo hautoki ghalani.

Kodi huzaa kosa la namna hiyohiyo. Chukua bidhaa tatu tofauti Nairobi, kila moja shilingi 33.35 kabla ya VAT ya asilimia 16. Kodi ya kila moja ni 5.336, ukikadiria kila mstari unapata 5.34, na mara tatu ni 16.02. Ukijumlisha bei kwanza, 100.05, kodi yake ni 16.008, ambayo inakadiriwa 16.01. Jumla ya oda ni 116.07 au 116.06, kutegemea aliyekadiria wapi. Halafu oda inakwenda M-Pesa, ambayo kwenye ombi la malipo hupokea shilingi kamili tu, na simu ya mteja inaandika 116. Hizo ni jumla tatu kwa kapu moja.

Tofauti yenyewe humwelekeza mchunguzi. Ikiwa ni mara kumi au mia kamili, aangalie jedwali la fedha. Ikiwa ni senti moja kwenye bei fulani tu, atafute mahali namba inapokatwa. Ikiwa inaongezeka kadiri mistari ya oda inavyoongezeka, ni kodi. Na ikiwa haifiki shilingi moja kwenye malipo ya simu, lango limepelekewa namba isiyo na senti.

Tiba ni kuhifadhi fedha kama namba kamili ya sarafu ndogo tangu bidhaa inapoingia kapuni, kukadiria mara moja tu kwa kanuni iliyoandikwa, na kama lango linataka shilingi kamili, kukadiria kabla mteja hajaonyeshwa jumla. Namba aliyoiona ndiyo inayohifadhiwa kwenye oda na ndiyo inayotumwa. Jibu la lango likirudi, hulinganishwa kiasi pamoja na jina la fedha.

Kwa oda zilizokwisha kuharibika, marejesho yafuate kiasi kilichokatwa na lango, si kilichoandikwa kwenye oda. Mgeni wa Maskati akiahirisha safari na mhasibu akaomba lango limrudishie 24.750, ombi litakataliwa, kwa sababu lango linajua lilichukua 2.475 tu.