Zamu ya Nani Kwenye Prosesa?

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akisikia kwamba mfumo endeshi ndio unaogawa prosesa, huwaza msimamizi aliyekaa mahali pa juu, anazitazama programu zote zikichapa kazi na kuziita moja baada ya nyingine. Picha hiyo inapotosha. Mfumo endeshi nao ni programu, na kiini kimoja cha prosesa hutekeleza amri za programu moja kwa wakati. Kivinjari kikiwa kwenye kiini hicho, mfumo endeshi haumo. Hautazami chochote wala hauhesabu chochote. Basi unaipataje nafasi ya kuingia na kumtoa aliyeko ndani?

Njia ya zamani ilikuwa kungoja programu itoke kwa hiari yake. Windows 3.1, iliyotoka mwaka 1992, iliendesha programu zake kwa mtindo huo: kila moja ilitarajiwa kurudisha prosesa ikishamaliza kipande chake cha kazi. Ikitokea moja imenasa kwenye kitanzi kisicho na mwisho, nyingine zote zinaganda nayo, na aliyekuwa hajahifadhi barua yake hana la kufanya.

Linux, ambayo ndiyo nitakayoifuata hapa kwa sababu undani wake uko wazi kwa kila mtu, haitegemei hiari ya mtu. Inategemea saa. Ndani ya kompyuta kuna kifaa cha saa ambacho kerneli, yaani sehemu ya ndani kabisa ya mfumo endeshi, hukitega kabla ya kuiachia programu kiini. Muda ukifika, saa hutuma ishara inayoitwa katizo. Prosesa ikiipokea huacha pale pale ilichokuwa ikifanya na kurukia msimbo wa kerneli. Programu haiwezi kukataa, maana amri ya kuzima makatizo hairuhusiwi kutekelezwa na programu za kawaida. Ikijaribu, prosesa yenyewe inaigomea.

Katika mashine nyingi za Linux saa hii hugonga mara 250 kwa sekunde, yaani kila baada ya milisekunde 4. Nyingine zimewekwa mara 1000. Kwetu milisekunde 4 si kitu. Kwa prosesa ya gigahazi 3 ni mapigo milioni 12, muda wa kutosha kufanya kazi ya maana.

Kerneli ikishaingia na kuamua kwamba aliyepo atoke, inaandika kando hali yake yote: yaliyomo kwenye rejista, anwani ya amri iliyokuwa ikifuata, na mahali rafu yake ilipofikia. Kisha inabadilisha ramani ya kumbukumbu ili anayeingia aone kumbukumbu yake tu, inapakia rejista zake zilizohifadhiwa safari iliyopita, na kumwachia kiini. Huyo anaendelea na amri iliyofuata bila habari kwamba aliwahi kutolewa.

Mabadilishano haya hula maikrosekunde chache, na bado kuna gharama ya pembeni: kumbukumbu ya haraka iliyo ndani ya prosesa imejaa vitu vya aliyetoka, kwa hiyo anayeingia huanza polepole mpaka aijaze vyake. Ndiyo maana zamu hazifupishwi kupita kiasi. Tuseme kubadilishana kunakula maikrosekunde 2 na kila zamu ni maikrosekunde 10. Moja ya sita ya prosesa ingeishia kwenye kubadilishana tu.

Linabaki swali la nani aingie. Vitabu vya kuanzia hupenda kufundisha foleni ya mzunguko: kila programu inapata zamu yake, kisha inarudi mkiani. Ni rahisi kuieleza ubaoni, lakini kwa maoni yangu inamwacha mwanafunzi na wazo bovu la haki. Programu ya kuandikia inashtuka ukibonyeza herufi, inafanya kazi ya sehemu ya milisekunde, inalala tena. Programu ya kubana video inatumia kila tone la zamu yake. Ukizihesabia zamu sawa, ya kwanza inapunjwa, kisha herufi yako inasubiri mkiani nyuma ya video.

Mwaka 2007, katika toleo la 2.6.23, Linux ilipokea kiratibu kilichoandikwa na Ingo Molnár kiitwacho CFS, ambacho kiliacha kuhesabu zamu na kuanza kuhesabu muda uliotumika. Ni kama daftari la mwenye duka: kila programu ina ukurasa wake, na kila inachokula kinaandikwa. Hesabu hiyo inaitwa `vruntime`. Inapofika wakati wa kuchagua, CFS humchukua mwenye `vruntime` ndogo kuliko wote. Kwa kuwa anayekaa kwenye kiini hesabu yake inapanda na anayesubiri yake imesimama, hakuna atakayesubiri milele.

Hapo programu ya kuandikia inapata nafuu bila kupendelewa. Imekula kidogo, hesabu yake iko chini, kwa hiyo ikiamka inaingia karibu mara moja. Je, iliyolala saa nzima? Ingerudi na hesabu ya zamani, ingekuwa na deni la kudai na ingekikalia kiini mpaka wenzake wachoke. CFS hailipi deni hilo. Anayeamka baada ya usingizi mrefu hesabu yake husogezwa mbele mpaka karibu na ya mwenye ndogo kuliko wote, nyuma yake kidogo tu. Anatangulia, lakini hahodhi.

Haya yote yanaonekana kwa macho kwenye kompyuta yoyote yenye Linux. Fungua dirisha moja la terminali linalotumia `bash` na uandike:

```
taskset -c 0 sh -c 'while :; do :; done' &
taskset -c 0 sh -c 'while :; do :; done' &
top
```

Kila mstari wa juu unaanzisha kitanzi kisichofanya lolote ila kuzunguka, na `taskset -c 0` inakifungia kwenye kiini namba 0. Bila hiyo, kompyuta yenye viini vinne ingevipa vitanzi kila kimoja kiini chake na usingeona ugomvi wowote. Kwenye safu ya `%CPU` ya `top`, ambapo 100 ni kiini kimoja kizima, kila kitanzi kitakuwa kinachezea 50. Toka kwa kubonyeza `q`, ongeza cha tatu, na kila kimoja kitashuka hadi 33 hivi.

Sasa uliza kerneli jinsi kitanzi cha mwisho kinavyotolewa kwenye kiini:

```
grep ctxt /proc/$!/status
```

Utaona mistari miwili. `voluntary_ctxt_switches` ni mara ambazo programu ilitoka yenyewe, kwa kuwa ilikuwa inangoja kitu fulani: herufi, diski, mtandao. `nonvoluntary_ctxt_switches` ni mara ilizotolewa kwa nguvu. Kwa kitanzi chetu, idadi ya pili inapanda kila ukirudia amri hiyo, huku ya kwanza ikiwa haibanduki ilipo. Fanya hivyo kwa programu ya kuandikia, ukiweka namba yake mahali pa `$!`, na kwa kawaida mambo yatageuka. Programu ikikulalamikia kwamba ni nzito, mistari hii miwili itakuambia kama inagombania prosesa au inangoja kitu kingine kabisa, jambo ambalo asilimia za `top` peke yake haziwezi kukuonyesha.

Haki sawa hata hivyo si kila mara ndiyo unayoitaka. Ukibana video usiku na bado unaandika, ungependa video ichukue makombo. Kazi hiyo ni ya namba ya `nice`, inayoanzia -20 hadi 19. Kubwa maana yake ni kuwaachia wengine, na kushuka chini ya 0 kunahitaji ruhusa ya msimamizi wa kompyuta. Kila namba ina uzito wake. Ya 0 ina uzito 1024, ya 10 ina 110. Kitanzi chenye `nice` 10 kikitumia milisekunde 4 za kweli, kwenye hesabu kinaandikiwa 4 × 1024 ÷ 110, yaani milisekunde 37 hivi. Kinaonekana mlafi kuliko kilivyo, basi kinakaa nje muda mrefu. Ua vitanzi vya mwanzo kwa `kill %1 %2 %3`, kisha anzisha hivi:

```
taskset -c 0 sh -c 'while :; do :; done' &
taskset -c 0 nice -n 10 sh -c 'while :; do :; done' &
```

Jumla ya uzito ni 1134. Cha kwanza kinastahili 1024 ÷ 1134, asilimia 90. Cha pili kinabaki na 10. Ndivyo `top` itakavyoonyesha, ikipungua kidogo pale programu nyingine zinapopita kwenye kiini hicho.

Hapa kuna mtego unaowachanganya wengi. Ukivianzisha vitanzi hivyo viwili katika madirisha mawili tofauti ya terminali, huenda vyote vikapata 50, kana kwamba `nice` haikuandikwa. Hakuna kilichoharibika. Tangu mwaka 2011 Linux inaweza kukusanya programu za kila dirisha la terminali kuwa kundi moja, ikagawa muda kwanza baina ya makundi, halafu ndani ya kila kundi. `nice` inapambanisha walio katika kundi moja tu. Tazama `/proc/sys/kernel/sched_autogroup_enabled`, ukikuta 1, mpango huo umewashwa. Njia nyingine ya kuuthibitisha ni kuweka vitanzi viwili visivyo na `nice` katika dirisha moja na kimoja katika jingine, vyote kiini namba 0. Badala ya 33 kwa kila kimoja, utapata 25, 25 na 50.

CFS ilikaa kazini miaka 16. Kasoro iliyoisumbua ni kwamba ilijua programu fulani inastahili kiasi gani, ila haikuwa na njia nzuri ya kujua inakihitaji upesi kiasi gani. Programu ya sauti inaridhika na asilimia 2 za prosesa, lakini ikicheleweshwa kidogo spika inakatakata. `nice` haifai hapo, maana inaongeza fungu wakati shida ni kungoja. Kuanzia toleo la 6.6 la Oktoba 2023, Linux inatumia kiratibu kinachoitwa EEVDF. Hesabu ya `vruntime` na uzito vimebaki. Kilichoongezwa ni ukomo wa kila ombi: kati ya programu ambazo hazijala zaidi ya fungu lao, anaingia yule ambaye ukomo wake uko karibu zaidi, na anayeomba vipande vifupi huwa na ukomo wa karibu. Andika `uname -r` ujue kerneli yako ni toleo gani. Vitanzi vyetu vitakupa 90 na 10 kwenye kiratibu chochote kati ya hivi viwili, kwa kuwa vitanzi havina haraka ya kitu chochote.