Mwezi Ambao Haujaisha

Tuseme programu ya simu ilipata wateja wapya 200 Januari, 200 Februari na 200 Machi. Kila mwezi jedwali huongezewa mstari wa waliojiunga mwezi huo, kuonyesha wangapi walirudi mwezi uliofuata. Wa Januari walirudi 80, wa Februari pia 80. Jedwali likisasishwa tarehe 10 Aprili, wa Machi waliorudi ni 30 tu. Ukiwajumlisha wote, wastani unashuka kutoka asilimia 40 hadi 32, ilhali Aprili bado ina siku 20 za wateja kurudi. Kisanduku hicho kiachwe wazi, kisiandikwe sifuri, na wastani uhesabiwe kwa Januari na Februari pekee. Aprili ikiisha, ndipo kijazwe.