Sigara ndiyo iliyomuua mzee? Tuifanye hesabu

Ukikaa msibani Kibeta, au ukivuka kwenda Muleba, utayasikia mabishano haya chini ya turubai. Marehemu alikuwa mvutaji, kafa kwa moyo. Mmoja anasema, "Sigara imemmaliza." Mwingine anajibu, "Mbona Ta Fulani hakuwahi kushika sigara maishani mwake, na moyo ulimchukua vilevile?" Hapo watu wananyamaza, kwa sababu wote wawili wamesema kweli.

Hebu tuwasaidie. Tunahitaji takwimu za watu waliofuatiliwa kwa muda mrefu, na maarufu kuliko zote ni za madaktari wa Uingereza. Mwaka 1951 Richard Doll na Austin Bradford Hill waliwaandikia madaktari wa nchi hiyo wakiwauliza kama wanavuta. Wanaume zaidi ya 34,000 walijibu, nao watafiti wakakaa miaka mingi wakihesabu nani anakufa na kwa nini. Matokeo ya miaka 20, yaliyotoka mwaka 1976, yalikuwa hivi: kwa mwaka mmoja, katika kila wavutaji 100,000, waliokufa kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo walikuwa 669. Kwa wasiovuta walikuwa 413. (Umri ulishasawazishwa, usiwe na wasiwasi kwamba wavutaji walikuwa wazee tu.)

Sasa toa: 669 kasoro 413 ni 256. Hiyo ndiyo hatari inayotokana na uvutaji. Ona inavyowapatanisha wale wawili wa msibani. Hata kama wavutaji wote wasingewahi kuwasha kiberiti, bado 413 wangekufa kwa moyo kama Ta Fulani. Wale 256 ndio ziada. Ukigawa 256 kwa 669 unapata karibu asilimia 38.

Kwa hiyo mzee wetu ana asilimia 38 ya kuwa ameuawa na sigara? Hapana, na hapa hata wanafunzi wa afya ya jamii huteleza. Asilimia 38 ni ziada ya kundi. Haimhesabu mvutaji ambaye angekufa kwa moyo hata bila sigara, lakini sigara ikamuwahisha miaka kumi. Yule anabaki ndani ya wale 413, ingawa sigara imemfupishia maisha. Kwa mtu mmoja mmoja, basi, 38 tuichukue kama kiwango cha chini, na nani hasa yumo kwenye ziada hakuna anayeweza kumnyooshea kidole.

Hadi hapa tumewaongelea wavutaji peke yao. Mganga mkuu wa wilaya ana swali jingine: katika vifo vyote vya moyo eneo langu, vingapi visingetokea kama hakuna anayevuta? Hiyo ndiyo sehemu ya ugonjwa katika jamii inayotokana na kihatarishi. Haitoshi kujua sigara ina ukali gani. Lazima ujue pia wanaovuta ni wangapi.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulikuta watumiaji wa tumbaku kwa wanaume wazima Tanzania ni karibu 15 kati ya 100, na kwa wanawake karibu 3. (Humo wamo na wa ugoro, ila tuchukulie wote wanavuta ili hesabu iende.) Chukua wanaume 100,000 wa Bukoba na Muleba, uwape hatari ya wale madaktari. Wavutaji 15,000 watatoa vifo vya moyo karibu 100 kwa mwaka. Wasiovuta 85,000 watatoa karibu 351. Jumla 451. Bila sigara kabisa vingekuwa 413. Tofauti ni 38, na 38 kwa 451 ni asilimia 8.5 hivi.

Kuna njia ya mkato, iliyotolewa na Morton Levin mwaka 1953:

```
PAF = p(RR - 1) / (1 + p(RR - 1))
```

Hapo p ni sehemu ya watu wanaovuta, yaani 0.15, na RR ni 669 ukigawa kwa 413, yaani 1.62. Weka namba uone, inarudi palepale kwenye asilimia 8.5. Sasa badilisha p peke yake. Mwishoni mwa miaka ya 1940 karibu asilimia 65 ya wanaume wa Uingereza walivuta sigara. Kwa 0.65 jibu linaruka hadi karibu asilimia 29. Sigara ni ileile na moyo ni uleule, kilichobadilika ni idadi ya wanaovuta tu. Ndo maana mtu akikuletea asilimia ya Ulaya na kuibandika Kagera, mwulize kwanza p yake ilikuwa ngapi. Na ukiona asilimia 8.5 ukasema "kumbe sigara si tatizo kwetu", kumbuka namba hiyo ni ndogo kwa sababu wengi hawajaanza kuvuta.

Mtego mwingine nimeuona kwenye semina zetu mara nyingi. Kwa saratani ya mapafu, madaktari wale waliokufa walikuwa 140 kwa wavutaji na 10 kwa wasiovuta, kwa kila 100,000. Uwiano ni mara 14! Rudia hesabu ya Bukoba na Muleba: vifo 29 au 30 vya saratani hiyo, na bila sigara vingekuwa 10. Theluthi mbili ya saratani yote ya mapafu inatokana na sigara, wakati kwa moyo ni asilimia 8.5. Basi sigara inaua zaidi kwa mapafu? Hesabu watu, achana na asilimia: mapafu kama 20, moyo 38. Moyo unaua wengi kiasi kwamba ongezeko dogo juu yake linazidi ongezeko kubwa juu ya ugonjwa adimu.

Sasa udhaifu. Nimeazima hatari ya madaktari wa Kiingereza, na moyo wa Kagera haumwi kwa njia ileile. Huku shinikizo la damu ndilo linalojaza kliniki za moyo, na kwa mioyo iliyochoka kwa presha, 1.62 yangu si lazima isimame. Pia hesabu yote inadhani mvutaji na asiyevuta wanatofautiana kwa sigara tu. Kama wavutaji wetu ndio pia wanywaji wakubwa wa rubisi na konyagi, sehemu ya zile 38 ni ya pombe. Wengine hudhani dawa ni kuchukua RR iliyokwisha kurekebishwa kwa pombe na kuichomeka kwenye kanuni ya Levin. Kanuni hiyo ilijengwa kwa RR isiyorekebishwa, kwa hiyo jibu hupinda tena.

Mwisho, usijumlishe asilimia hizi. Utafiti wa INTERHEART wa mwaka 2004, uliofanyika nchi 52, uliipa sigara karibu asilimia 36 ya mishtuko ya moyo, mafuta mabaya kwenye damu karibu 49, na msongo wa maisha karibu 33. Jumlisha: umeshapita 100, na presha na kisukari bado! Hawakukosea. Mvutaji mwenye mafuta mabaya pengine angepona kwa kuondolewa lolote kati ya hayo mawili, hivyo kifo chake kinahesabiwa pande zote mbili. Ni kama mgomba ulioangushwa na upepo baada ya fukusi kula shina. Upepo peke yake usingeuangusha, na fukusi peke yao wasingeuangusha siku ile.