Polepole ndiyo kasi ya kuchapa

Katika mtihani wa ukarani, kasi ya kuchapa huhesabiwa kwa kanuni inayotumika sana: kila herufi 5, nafasi zikiwemo, ni neno moja. Kisha makosa hukatwa.

Tuchukue mtahiniwa aliyechapa herufi 1,000 kwa dakika 5. Hayo ni maneno 200, yaani 40 kwa dakika. Lakini ana makosa 30, sawa na 6 kwa dakika, hivyo anabaki na 34. Kesho yake anapunguza mwendo: herufi 900, makosa 5. Kasi ghafi ni 36, ikikatwa 1 anapata 35. Amechapa kidogo, amepata zaidi.

Ndiyo maana zoezi la dakika 15 kwa siku lianze na usahihi. Dakika 5 za kwanza chapa polepole bila kutazama kibodi. Tano zinazofuata rudia maneno yaliyokushinda jana. Mwisho jipime kwa matini mapya, kwani uliyoyazoea hukupa alama za uongo.

Daftarini andika tarehe, kasi ghafi, makosa na herufi zilizokosewa. Safu hii ya mwisho ndiyo inayofichua tatizo. Kwa Kiswahili, mara nyingi ni "a", inayojirudia mno ilhali huchapwa kwa kidole kidogo cha kushoto, au alama ya ritifaa katika "ng'ombe". Makosa yakizidi 5 katika kila maneno 100, punguza mwendo hadi yashuke.