Mdahalo wa matangazo: hoja ianzie kwenye bei ya miwani

"Matangazo ya biashara yana faida kuliko madhara kwa jamii." Mada hii hurudi kila mara katika midahalo ya sekondari, na mara nyingi upande unaounga mkono hushindwa hata kabla ya kengele ya kwanza. Wapinzani huingia na vitu vinavyoonekana: sigara, pombe, kamari, krimu za kubadili rangi ya ngozi. Waungaji mkono huja na maneno mapana. Matangazo yanakuza uchumi, yanaleta ajira, yanaelimisha wananchi. Mwamuzi anabaki ameshika kalamu bila cha kuandika, kwa sababu hajapewa kitu cha kupima.

Ushauri wangu kwa msemaji wa kwanza ni kuchagua dai moja linaloweza kuthibitishwa na kukaa nalo mpaka muda wake uishe. Dai lenye nguvu kuliko yote ni hili: matangazo yanaweza kushusha bei. Lina nguvu kwa sababu karibu kila aliyeketi darasani anaamini kinyume chake. Hotuba ya dakika nne hivi inaweza kuwa kama ifuatavyo.

"Mheshimiwa mwenyekiti, katibu, mtunza muda, waamuzi na wanafunzi wenzangu. Ninasimama kuunga mkono hoja.

"Wenzetu wa upande wa pili watawaambia kwamba gharama ya tangazo hulipwa na mnunuzi. Linaingia akilini: mwenye duka akilipia tangazo gazetini, atarudishaje fedha zake asipopandisha bei? Naomba tulipeleke dai hilo mahali lilipowahi kupimwa.

"Nchini Marekani, katika miaka ya 1960, yapo majimbo yaliyokataza matangazo ya miwani, na yapo yaliyoyaruhusu. Bidhaa ilikuwa ileile na fedha ileile. Mchumi Lee Benham alikusanya bei ambazo watu walilipa mwaka 1963, akachapisha matokeo mwaka 1972. Palipokuwa na katazo kamili, miwani iligharimu wastani wa dola 33.04. Pasipokuwa na katazo, dola 26.34. Alipoliweka jimbo la North Carolina, lenye masharti makali, kando ya Texas na mji mkuu Washington, tofauti ilikuwa dola 37.48 kwa 17.98. Hiyo ni zaidi ya mara mbili.

"Kwa nini? Chukueni mji wenye maduka matano ya miwani, na hakuna anayeruhusiwa kutangaza bei. Mama anaingia duka la kwanza kumtafutia mwanawe miwani, anatajiwa bei. Ili ajue kama ni ghali, lazima azunguke maduka manne yaliyobaki. Jua linawaka, mtoto amechoka. Ananunua. Mwenye duka analijua hilo, kwa hiyo hana sababu ya kupunguza. Na yule wa duka la tano akipunguza, nani atapata habari? Atapoteza faida bila kuongeza mteja.

"Ruhusuni tangazo, mambo yanageuka. Aliyepunguza bei anapata wateja hata kutoka mitaa ya mbali. Kwa kuwa anauza miwani mingi, kodi ya pango na mishahara inagawanyika juu ya miwani mingi, na anaweza kupunguza tena. Majirani zake watamfuata au watafunga. Na yule mama, hata kama hakuliona tangazo lenyewe, ananunua kwa bei iliyokwisha kushuka.

"Sisemi kila tangazo ni jema. Tangazo la sigara linasaidia kuua, na Kenya ililipiga marufuku kwa sheria ya mwaka 2007. Lakini angalieni: sigara iliondolewa, matangazo mengine yakabaki. Swali la leo ni kama jamii ingekuwa na hali bora bila matangazo. Majimbo yale yalijaribu kwa bidhaa moja, na waliolipia jaribio hilo ni watu wenye macho mabovu. Naomba kuunga mkono hoja."

Hotuba hiyo ina takwimu nne tu za bei, na zinatosha. Msemaji anayepanga kuongeza nyingine atamaliza muda kabla hajafika kwenye yule mama wa miwani, na hapo ndipo hoja inapoeleweka. Takwimu zinasema kwamba bei zilitofautiana. Mama na maduka matano ndio wanaoeleza sababu, na mpinzani asiyeweza kuivunja sababu hawezi kuivunja hotuba.

Hata hivyo ushahidi huu una nyufa zake, na mpinzani hodari atazitafuta. Ufa wa kwanza ni kwamba majimbo hayakutofautiana kwa matangazo peke yake. Jimbo lililokataza matangazo huenda ndilo ambalo chama cha wapimaji macho kilikuwa na nguvu, na chenye nguvu hakiishii kwenye matangazo. Kinaweza pia kuzuia maduka makubwa yasiingie. Basi sehemu ya tofauti ile ya bei inaweza kuwa imetoka huko. Msemaji akiulizwa, akubali waziwazi.

Ufa wa pili ni ubora. Je, bei haikushuka kwa sababu kazi ilifanywa ovyo? Hapa lipo jibu zuri. Mwaka 1980, Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani ilichapisha uchunguzi ambamo watu waliofundishwa taratibu za upimaji walikwenda kwa wapimaji macho wa miji mbalimbali wakijifanya wateja wa kawaida. Katika miji iliyobana matangazo bei zilikuwa juu, lakini kwa wastani upimaji haukuwa bora zaidi. Waliotangaza walielekea kupima kwa haraka zaidi kuliko wasiotangaza. Jambo hilo nalo lisemwe, kwa sababu mwamuzi humwamini zaidi anayeeleza matokeo yote.

Ufa wa tatu ndio mpana. Miwani ilikuwa na bei ya kutangazwa, ilhali tangazo la soda linaonyesha vijana wakicheka ufukweni, bila bei wala maelezo. Hoja ya miwani haifiki huko, na kuivuta ifike kwa nguvu ni kuiharibu. Msemaji wa pili ajenge ukuta mwingine: kitu kipya hakina mteja mpaka mtu aelezwe ni kitu gani. M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, tangazo lake halikuwa na mashairi mengi. Lilimwambia aliye mjini kwamba anaweza kutuma pesa nyumbani kwa simu. Mtu aliyezoea kumkabidhi dereva wa basi bahasha hangelijua hilo kwa kuitazama simu yake.

Mwishoni wapinzani watashika kamari, na hapo wana haki ya kusikilizwa. Vijana wamepoteza ada kwa kufuata matangazo ya mechi, na Kenya ilianza kuyawekea masharti makali mwaka 2019. Mtu asisimame kuyatetea hata kwa nusu dakika. Msemaji akubali kwamba yamedhuru, kisha awaulize wapinzani swali moja mbele ya mwenyekiti: mngependa tufute tangazo la kamari peke yake, au na la miwani pamoja nalo? Wakijibu la kamari peke yake, watakuwa wameungana na msemaji wetu wa kwanza. Wakijibu yote mawili, itabidi wamweleze yule mama kwa nini arudi kuzunguka maduka matano.