Dishi Linaloyumba na Dawa Zake Mbili

Dishi linalofuatilia setilaiti limeamriwa kugeuka digrii 10. Mota inalisukuma, kihisi kinasoma limefika wapi, na kidhibiti kinalinganisha amri na hali halisi, kisha kinaongeza au kupunguza umeme. Lakini dishi halikomei kwenye 10. Linapitiliza hadi karibu 16, linarudi nyuma, linapitiliza tena, na kutulia kwake huchukua kama sekunde 8.

Chanzo ni uchelewaji. Mota haitii papo hapo, kwa hiyo marekebisho hufika kosa likiwa limeshabadilika. Wahandisi hupima uchelewaji huo kwa digrii za wimbi, yaani awamu. Ukifika 180 na marekebisho yakarudi na nguvu ileile, yanalisukuma dishi upande usiofaa, nalo huyumba bila kukoma. Digrii zinazosalia kabla ya kufika hapo ndizo akiba ya awamu. Katika mfumo huu, ambao fomula yake ni 10/(s(s+1)), akiba ni digrii 18 tu.

Dawa ya kwanza ni kifidia cha kutanguliza awamu, kwa mfano (0.4s+1)/(0.1s+1). Hiki hakitazami ukubwa wa kosa peke yake, bali pia kasi ambayo kosa linapungua, hivyo huanza kufunga breki dishi likiwa bado njiani. Akiba inapanda hadi digrii 50. Dishi sasa linaishia karibu 12.3 na kutulia ndani ya sekunde moja na nusu.

Gharama yake ni kelele. Mawimbi ya kasi hukuzwa mara 4, na kihisi kikiwa na mtetemo kidogo tu, mota huvuma na kupata joto hata dishi likiwa limesimama. Fundi akisikia mvumo huo, ajue utangulizaji umezidi.

Linabaki suala la usahihi. Setilaiti ya karibu na dunia, ikipita juu ya utosi, inaweza kusogea digrii 1 kwa sekunde. Dishi linaifuata likiwa nyuma digrii 0.1, na kifidia cha kwanza hakipunguzi pengo hilo. Hapo huongezwa kifidia cha kuchelewesha, (s+0.1)/(s+0.02), ambacho hukuza mara 5 mabadiliko ya polepole tu. Pengo linashuka hadi 0.02.

Kifidia hiki hula awamu, kwa hiyo mahali pa kukiweka ndipo penye ufundi. Akiba hupimwa kwenye radiani 4.2 kwa sekunde. Kikiwekwa chini sana ya hapo, kama hiki, hula digrii 1 hivi. Namba zake zikipandishwa mara 20, ziwe 2 na 0.4, zinapotea kama 20, na myumbo unarudi.

Kisha kuna subira: pengo huchukua kama nusu dakika kuzibwa. Kwa setilaiti inayoonekana dakika kadhaa, hilo linavumilika. Kwa kitu kinachopita kwa sekunde chache, kifidia cha pili hakisaidii kitu.