Madoa ya Moto Ndani ya Maikrowevu

Kiporo cha wali kikitoka kwenye maikrowevu, tonge moja huunguza ulimi na la pili likawa baridi kama lilivyotoka kwenye friji. Wengi huona jiko limeharibika. Jiko ni zima. Ndivyo mawimbi yanavyojipanga ndani ya sanduku la chuma.

Mawimbi hayo hutoka kwenye magnetroni, kifaa kinachotetemesha umeme karibu mara bilioni 2.45 kwa sekunde, yaani megahezi 2450. Urefu wa wimbi moja ni kama sentimita 12. Likigonga ukuta wa chuma hurudi, likakutana na linalokuja. Kwenye ukuta wenyewe, nguvu ya umeme inayoulalia haiwezi kuwepo, kwa hiyo mpangilio unaodumu ni ule tu ambao nusu-mawimbi yake yanaenea kamili toka ukuta hadi ukuta, kama waya wa gitaa uliofungwa ncha zote mbili. Kila mpangilio una masafa yake, na vipimo vya sanduku ndivyo vinavyoyaamua:

f = (c/2) × √[(m/a)² + (n/b)² + (p/d)²]

Hapa c ni kasi ya mwanga. A, b na d ni upana, kina na kimo. M, n na p ni idadi ya nusu-mawimbi kila upande.

Tuchukue sanduku lenye upana wa sentimita 33, kina 33 na kimo 20. Weka nusu-mawimbi 5 kwa upana, 2 kwa kina, na sifuri kwa kimo. Jibu ni megahezi 2446, karibu kabisa na magnetroni. Mpangilio huo una madoa 10 ya moto: yameachana sentimita 6.6 kwa upana, lakini 16.5 kwa kina. Katikati ya doa na doa nguvu hushuka hadi sifuri, na chakula kilicho hapo hupata joto la kuazima kwa jirani tu.

Sanduku hilohilo lina mpangilio mwingine, wa 3, 3 na 2, kwenye megahezi 2441. Magnetroni huyumba kidogo, na chakula chenyewe huyasogeza masafa hayo, hivyo mipangilio huchanganyika. Ndiyo maana ramani ya madoa hubadilika ukibadilisha bakuli.

Ukitaka kuyaona, ondoa sahani inayozunguka pamoja na kigurudumu chake, tandaza vipande vya chokoleti kwenye sahani ya kawaida, na uwashe kwa sekunde 20 hivi. Itayeyuka hapa na pale. Wanafunzi hupima umbali huo ili kukokotoa kasi ya mwanga, lakini hesabu hutoka vizuri pale tu madoa yanapoachana sentimita 6 hivi. Ule upande wa 16.5 ungewapotosha kabisa.

Sahani huzungushwa ili chakula kipite kwenye madoa. Kitovu chake, hata hivyo, hakihami. Basi weka bakuli pembeni ya sahani, koroga katikati ya upashaji, kisha liache litulie dakika mbili kabla ya kula.